Dawa ya kukojoza imefunga mlango gani? Jinsi ya kusoma ionogramu kwa kuifuata nefroni

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi na madaktari vijana wa Bukavu na vitongoji vyake, wale wanaopokea karatasi ya ionogramu saa kumi jioni, maabara ikiwa imeshafunga, na inabidi waamue kabla ya giza. Wengi wamekariri orodha: furosemidi inashusha potasiamu, spironolaktoni inaipandisha, hidroklorotiazidi inashusha sodiamu. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haisemi kwa nini, na asiyejua kwa nini hujikuta amekwama mara mgonjwa anapokuwa na dawa mbili kwa pamoja.

Njia ninayoifundisha ina swali moja tu. Karibu kila dawa ya kukojoza hufunga mlango mmoja ambao sodiamu hupitia kurudi kwenye damu. Usiishie kwenye mlango uliofungwa. Uliza: baada ya hapo, ni sehemu gani ya nefroni bado inafanya kazi, na itafanya nini na mkojo ulioletewa? Karibu madhara yote ya elektroliti hutoka kwa sehemu hiyo iliyobaki wazi.

Hatua ya kwanza: chora nefroni na uweke milango minne

Chukua kalamu, chora nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Glomeruli huchuja kama lita 180 kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Kila lita ina sodiamu kama milimoli 140, kwa hiyo zaidi ya milimoli 25,000 huingia kwenye mirija kila siku, na karibu zote hurudi mwilini. Mrija wa karibu, ule unaoanzia kwenye glomeruli, hurudisha kama theluthi mbili. Tawi nene linalopanda la kitanzi cha Henle hurudisha kama robo. Mrija wa mbali hurudisha asilimia tano hadi nane hivi, na mfereji wa kukusanyia mkojo hurudisha kilichobaki, asilimia chache tu.

Kwenye mrija wa karibu andika asetazolamidi. Kwenye tawi nene andika furosemidi. Kwenye mrija wa mbali andika hidroklorotiazidi na ndugu yake indapamidi. Kwenye mfereji andika spironolaktoni na amiloridi. Manitoli haina mlango: hukaa ndani ya mrija na kuvuta maji tu, na tunaikuta zaidi kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Tuiache kando.

Asetazolamidi nayo nitaipita haraka, maana kwetu huonekana zaidi kwa wagonjwa wa macho, na mara moja moja kwa mtalii aliyeambiwa aimeze kabla ya kupanda mlima mrefu. Hufunga mlango mkubwa kuliko yote lakini mkojo hauongezeki sana, kwa sababu kitanzi na mirija iliyo mbele hudaka sodiamu iliyoponyoka. Kisichodakwa vizuri ni bikaboneti. Ndiyo maana ionogramu yake ina bikaboneti ya chini, kloridi ya juu, na potasiamu iliyoshuka kidogo.

Hatua ya pili: ukiona potasiamu iko chini, tazama mfereji

Furosemidi haiiibi potasiamu pale inapofanyia kazi, au tuseme huiiba kidogo tu. Wizi mkubwa hutokea mbele zaidi. Tawi nene likifungwa, sodiamu nyingi hutiririka hadi kwenye mfereji wa kukusanyia, ambako mlango wa sodiamu bado uko wazi. Sodiamu ina chaji chanya. Ikinyonywa, ndani ya mfereji hubaki chaji hasi, na chaji hasi huvuta potasiamu na haidrojeni zitoke kwenye seli ziingie kwenye mkojo. Juu ya hayo, mwili uliopungukiwa maji hutoa aldosteroni, ambayo huongeza milango hiyo hiyo. Kwa hiyo potasiamu hushuka na damu huelekea kuwa ya alikalini kwa wakati mmoja. Ukiona potasiamu 2.9 pamoja na bikaboneti 32 kwa mtu anayemeza furosemidi au hidroklorotiazidi, mambo hayo mawili ni tukio moja.

Hapa kuna mtego unaopoteza siku nyingi wodini. Mgonjwa wa moyo anatumia furosemidi miligramu 80 kwa siku, potasiamu ni 2.8, anapewa kloridi ya potasiamu, na baada ya siku tatu ni 2.9. Watu huongeza vidonge. Mara nyingi kinachokosekana ni magnesiamu. Tawi nene ndilo linalorudisha sehemu kubwa ya magnesiamu, na sehemu ya kalsiamu pia, kwa msukumo wa umeme unaotegemea mlango ule ule ambao furosemidi imeufunga. Sasa, ndani ya seli za mfereji, magnesiamu ndiyo huziba kwa kiasi njia ya potasiamu. Ikipungua, njia inabaki wazi, na kila potasiamu unayompa huishia kwenye mkojo.

Vituo vingi havina kipimo cha magnesiamu. Lakini hakuna wodi ya wazazi isiyopaswa kuwa na salfati ya magnesiamu, kwa ajili ya kifafa cha mimba. Ikiwa mgonjwa anakojoa vizuri, kreatinini si ya juu, na goti linaruka ukiligonga, gramu 2 ndani ya mililita 100 za serumu kwa muda wa saa moja au zaidi ni jaribio lenye mantiki. Soma ampuli kwanza: ile ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5, kwa hiyo unahitaji mililita 4 tu. Kama mgonjwa huyo anatumia pia digoksini, usisubiri siku tatu kugundua haya. Potasiamu ya chini na digoksini pamoja huvuruga mapigo ya moyo hata pale kipimo cha digoksini ni cha kawaida.

Hatua ya tatu: ukiona potasiamu iko juu, tazama mlango wa mwisho

Spironolaktoni huzuia aldosteroni, na amiloridi huziba mlango wa sodiamu wenyewe. Baada ya mlango huu hakuna mwingine wa kurekebisha. Sodiamu hainyonywi, chaji hasi haijengeki, potasiamu na asidi hubaki mwilini. Mkojo hauongezeki sana kwa sababu sehemu hii hushika asilimia chache tu, lakini potasiamu inaweza kupanda hadi kuua. Spironolaktoni pia ni ya polepole, huchukua siku mbili tatu kuanza na siku kadhaa kuisha, kwa hiyo ukiisimamisha leo usitegemee kesho asubuhi potasiamu iwe imeshuka.

Angalia pia anachomeza zaidi ya hiyo. Enalaprili au kaptoprili hupunguza aldosteroni, na kila mtu anakumbuka hilo. Kinachosahaulika ni kotrimoksazoli. Mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani yake, trimetoprimu, huziba mlango ule ule wa amiloridi. Mgonjwa anayetumia kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya VVU, kisha akapewa enalaprili na spironolaktoni kwa moyo, ana dawa tatu zinazosukuma potasiamu upande mmoja. Mpime potasiamu na kreatinini baada ya wiki moja, tena baada ya wiki nne. Ikivuka 5.5 punguza spironolaktoni nusu, ikivuka 6.0 isimamishe.

Ila kabla ya kuogopa 6.4, uliza damu ilisafiri vipi. Tyubu iliyopanda pikipiki kutoka Walungu, ikatikiswa njia nzima na kukaa saa nyingi kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, seli zake zimepasuka na kumwaga potasiamu yao. Serumu yake ikiwa na rangi ya pinki, rudia kipimo. Wakati unasubiri, piga elektrokadiogramu. Mawimbi ya T yaliyochongoka hayatoki kwenye pikipiki.

Hatua ya nne: ukiona sodiamu iko chini sana, tafuta tiazidi

Hii nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayochanganyikiwa zaidi na malaria, tifoidi na uzee.

Furosemidi hutoa sodiamu nyingi kuliko hidroklorotiazidi, na bado anayeletwa amechanganyikiwa na sodiamu ya 115 mara nyingi ni wa hidroklorotiazidi. Sababu iko kwenye ramani. Ili figo itoe mkojo mzito na kubakiza maji, inahitaji kiini chake cha ndani kiwe na chumvi kali, na chumvi hiyo huwekwa na tawi nene la kitanzi cha Henle. Furosemidi ikilifunga tawi hilo, kiini kinapoteza ukali wake, na hata homoni ya vasopresini ikiagiza maji yabakizwe, hakuna nguvu ya kuyavuta. Tiazidi hufanya kazi mbele ya hapo, kwenye mrija wa mbali, nje ya kiini. Kiini kinabaki kikali kama kawaida, vasopresini inatiiwa, maji yanarudi mwilini. Wakati huo huo mrija wa mbali ni mojawapo ya sehemu ambazo mkojo huchujuliwa chumvi yake ili maji ya ziada yatoke, na sehemu hiyo ndiyo iliyofungwa. Kwa hiyo mgonjwa anapoteza sodiamu na potasiamu huku akibakiza maji anayokunywa. Jambo hilo hutokea zaidi katika wiki mbili tatu za mwanzo, na zaidi kwa akina mama wazee wenye mwili mdogo.

Tofauti hiyo inaonekana pia kwenye kalsiamu. Furosemidi huitoa, tiazidi huibakiza. Kalsiamu ya juu kidogo kwa mzee wa tiazidi isikupeleke moja kwa moja kwenye saratani.

Sasa tuufuate mfano mmoja hadi mwisho. Mgonjwa nimemtunga, lakini yeyote aliyefanya kazi huku atamtambua.

Mama wa miaka 71, kilo 46, anaishi Kadutu. Siku kumi na mbili zilizopita alikutwa na shinikizo la damu 170 kwa 95, akaandikiwa hidroklorotiazidi miligramu 25 kila asubuhi. Binti yake anamleta.

«Dokta, mama tangu juzi anayumba akitembea, na mjukuu anamwita kwa jina la marehemu kaka yangu. Kipimo cha malaria walisema hakina kitu.»

«Anakula?»

«Bugali kidogo na lengalenga, bila chumvi. Tuliambiwa chumvi ni mbaya kwa tansio.»

«Na maji?»

«Maji anakunywa sana. Jirani alisema hiyo dawa inakausha mwili.»

Historia imekamilika hapo. Figo inahitaji chumvi na urea ya chakula ili ibebe maji nje. Anayekula kidogo hivyo hana cha kubebea, na amefunguliwa bomba la maji juu yake. Ulimi ni mkavu, shinikizo ni 130 akiwa amelala na 105 akisimama. Sukari ya damu ni ya kawaida, hivyo si sukari inayoishusha sodiamu. Ionogramu: sodiamu 117, potasiamu 2.9. Kijiti cha mkojo kinaonyesha uzito wa 1.018, maana yake mkojo umekolea ingawa damu imejaa maji. Vasopresini inafanya kazi.

Jambo la kwanza ni kuisimamisha hidroklorotiazidi. La pili ni kuangalia kama ana degedege, amepoteza fahamu, au anatapika bila kukoma huku akisinzia. Angekuwa hivyo, angehitaji kloridi ya sodiamu ya asilimia 3 papo hapo, na tusiyo nayo tayari tunaweza kuitengeneza: mililita 100 za serumu ya chumvi ya asilimia 0.9 ukiongeza mililita 30 za kloridi ya sodiamu ya asilimia 10. Hizo ni gramu 3.9 ndani ya mililita 130, yaani asilimia 3 kamili. Inapita kwa dakika 20, kisha unampima tena. Hakikisha ampuli ni ya asilimia 10, maana ya asilimia 20 nayo ipo na hesabu hubadilika.

Mama huyu amechanganyikiwa lakini anajibu, hana degedege. Kwa hiyo haraka si rafiki yake. Sodiamu iliyoshuka kwa siku kadhaa imewapa seli za ubongo muda wa kuzoea. Ukiipandisha ghafla unaharibu utando wa neva, na ulemavu huo huonekana siku chache baadaye, wakati familia tayari imeshashukuru. Lengo la saa 24 za kwanza ni kupanda milimoli 4 hadi 6 kwa lita, na isivuke 8. Potasiamu ya chini na lishe duni humweka kwenye kundi linaloumia kirahisi, ndiyo sababu sikupi nafasi ya 10.

Kwa kuwa amekauka, anapewa lita moja ya serumu ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye ampuli tatu za kloridi ya potasiamu ya asilimia 10. Kila ampuli ya mililita 10 ina milimoli 13.4, jumla kama 40. Changanya vizuri, isipigwe kamwe moja kwa moja kwenye mshipa, na iende mililita 60 kwa saa. Angekuwa hajakauka, ningezuia maji, nimpe potasiamu ya kunywa, na nisubiri.

Kabla ya kufungua mrija, piga hesabu. Maji ya mwili wake ni kama asilimia 45 ya kilo 46, karibu lita 20.7. Lita moja ya serumu tupu ingepandisha sodiamu kwa:

(154 − 117) ÷ (20.7 + 1) = 1.7

Ukiongeza potasiamu 40:

(154 + 40 − 117) ÷ (20.7 + 1) = 3.5

Potasiamu imezidisha mara mbili. Wengi huihesabu sodiamu tu na kushangaa baadaye. Potasiamu ikiingia ndani ya seli, sodiamu hutoka kuja kwenye damu, kwa hiyo kila milimoli ya potasiamu, ya kunywa au ya mshipa, ihesabiwe kama sodiamu.

Lakini hesabu hiyo haioni hatari yenyewe. Mwili ukishapata maji ya kutosha kwenye mishipa, vasopresini huzimika, dawa nayo inaisha mwilini, na figo hufungua mkojo mwepesi kama maji. Hapo sodiamu hujipandisha yenyewe. Dalili yake haihitaji maabara: pima mkojo kila saa kwenye chupa yenye alama. Ukivuka mililita 100 kwa saa, au kijiti kikishuka hadi 1.005 au chini, chukua damu wakati huo huo.

Saa ya sita sodiamu ni 118. Saa ya kumi na mbili serumu iliyoingia ni mililita 720, hesabu ilitabiri kupanda kama 2.5, lakini karatasi inasema 122. Mkojo umefika mililita 200 kwa saa na kijiti kinasoma 1.003. Tayari amepanda 5, na saa kumi na mbili bado. Serumu ya chumvi inasimamishwa na inawekwa glukosi ya asilimia 5, mililita 3 kwa kilo kwa saa, yaani kama 138 kwa saa, ili kumrudishia sehemu ya maji anayoyamwaga. Mahali palipo na desmopresini, mikrogramu 2 humaliza mwago huo. Pasipokuwa nayo, ni glukosi na kupima tena kila saa nne hadi sita. Hapa ndipo muuguzi wa usiku anapotakiwa kuelewa kwa nini mgonjwa wa sodiamu ya chini anawekewa maji matamu, la sivyo atayafunga akidhani daktari wa mchana alikosea. Andika sababu kwenye karatasi ya wodi, kwa maneno kamili.

Saa ya 24 sodiamu ni 124, amepanda 7. Potasiamu ni 3.3, inaendelea kwa vidonge vya miligramu 600, kila kimoja kikiwa na milimoli 8. Siku ya pili sodiamu ni 129 na anamjua mjukuu wake. Siku ya tano ni 135, anakula bugali yenye chumvi ya kawaida, na shinikizo lake linashikwa na amlodipini miligramu 5.

Kabla hajatoka, andika kwenye kadi yake kwa herufi kubwa kwamba asipewe tena hidroklorotiazidi wala indapamidi, hata dozi ndogo, kwa sababu mtu aliyeshuka hivi mara moja huelekea kushuka tena akirudishiwa. Mwonyeshe binti yake boksi za dawa mchanganyiko za shinikizo: zile zenye HCT baada ya jina, au zenye «Co-» mbele yake, mara nyingi zimebeba tiazidi ndani. Duka la dawa litamuuzia bila kuuliza, na kwenye boksi jina kubwa litakuwa la ile dawa nyingine.